Kasi ya ongezeko la watu na kanuni ya sabini: mwongozo wa kukokotoa kwa takwimu za Dodoma

Swali hili linarudi kila watu wanapoandaa mpango wa kata, andiko la mradi wa maji au somo la Jiografia. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 katika sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikahesabu 3,085,625. Je, mkoa unakua kwa asilimia ngapi kwa mwaka, na watu watafika mara mbili lini? Wengi hutoa, hugawa kwa kumi, hupata 4.8 na kuiandika kwenye ripoti. Hilo si jibu. Jibu ni 3.9, na pengo kati ya namba hizo mbili linatosha kuharibu hesabu ya madarasa na visima kwa miaka mingi. Fuata hatua hizi ukiwa na kikokotoo mkononi, ufanye pamoja nasi badala ya kusoma tu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa vitu vitatu. Cha kwanza ni idadi ya watu ya eneo lilelile kutoka sensa mbili. Matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na makao makuu yake yapo hapa Dodoma. Namba za mkoa na wilaya zinapatikana kirahisi, na za kata zipo kwenye majedwali ya mgawanyo wa watu kwa maeneo ya utawala.

Cha pili ni miaka kamili iliyopita kati ya sensa hizo. Cha tatu ni kikokotoo chenye kitufe cha `ln`. Kwenye simu nyingi kitufe hicho hujificha hadi ulaze simu upande. Kama huna kabisa, usiache kazi, kwa sababu hatua ya 4 ina njia ya kikokotoo cha kawaida cha dukani.

Andika namba zote kwenye karatasi kabla ya kugusa kikokotoo. Makosa mengi tunayoyaona si ya hesabu, bali ni ya kunakili tarakimu: mtu anaandika 2,038,588 badala ya 2,083,588, na halitambui kosa hilo hadi mwisho.

## Hatua

1. Hakikisha mipaka haikubadilika. Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko popote, maana hesabu inaweza kuwa safi kabisa na jibu likawa halina maana. Chukua Kondoa. Wilaya ya Chemba ilimegwa kutoka Kondoa, na sensa ya 2012 iliihesabu peke yake. Ukichukua Kondoa ya 2002 na Kondoa ya 2012 ukalinganisha, utaona kana kwamba watu wamekimbia wilaya. Hawakukimbia, walihesabiwa chini ya jina jingine. Dawa ni kujumlisha Kondoa na Chemba kwa mwaka wa baadaye, ndipo ulinganishe na Kondoa ya zamani. Ndivyo ilivyo pia kwa iliyokuwa Dodoma Vijijini, ambayo leo ni Bahi na Chamwino, na kwa Iramba ya Singida iliyozaa Mkalama.

Kwa kata hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kata hugawanywa mara nyingi. Kama huwezi kuthibitisha mipaka ya kata yako, panda ngazi moja ufanye hesabu ya halmashauri.

2. Hesabu miaka iliyopita. Kuna imani kwamba sensa Tanzania ni kila baada ya miaka kumi bila kukosa. Sivyo. Tangu Uhuru sensa zimefanyika 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kutoka 1967 hadi 1978 ni miaka 11, na kutoka 1988 hadi 2002 ni miaka 14. Katika kipindi hicho cha pili Tanzania nzima ilitoka watu milioni 23.10 hadi milioni 34.44. Kwa njia ya hatua ya 4, ukigawa kwa 14 unapata kasi ya takriban asilimia 2.9 kwa mwaka, lakini ukigawa kwa 10 kwa mazoea unapata asilimia 4.0, kasi ambayo nchi haikuwa nayo.

Kwa mfano wetu, sensa ya 2012 ilifanyika tarehe 26 Agosti na ya 2022 tarehe 23 Agosti. Siku tatu hizo hazibadilishi kitu. Andika miaka 10.

3. Gawa idadi mpya kwa idadi ya zamani.

```
3085625 / 2083588 = 1.4809
```

Maana yake ni kwamba kila watu 100 wa 2012 wamekuwa 148 mwaka 2022. Hilo ni ongezeko la asilimia 48.1 kwa kipindi chote, na mpaka hapa bado hatujapata kasi ya mwaka.

4. Tafuta kasi kwa mwaka. Bonyeza `ln` ya jibu la hatua ya 3, gawa kwa miaka, kisha zidisha kwa 100.

```
ln(1.4809) = 0.3927
0.3927 / 10 x 100 = 3.93
```

Kasi ni asilimia 3.93 kwa mwaka. Kwenye taarifa andika 3.9, lakini kwenye karatasi yako endelea na 3.93 hadi mwisho wa hesabu.

Kwa nini 48.1 haigawanywi tu kwa 10? Kwa sababu watu walioongezeka mwaka wa kwanza nao huzaa, nao hupokea wageni mwaka wa pili. Kila mwaka asilimia inachukuliwa kwenye kundi kubwa zaidi ya lile la mwaka uliotangulia, kwa hiyo asilimia ndogo kuliko 4.8 inatosha kukufikisha kwenye 48.1. Ukigawa moja kwa moja unakuwa umeyahesabu matunda yote kana kwamba yametoka kwenye mti ule wa kwanza peke yake.

Wenye kikokotoo cha kawaida wafanye hivi: tafuta ongezeko la mwaka mmoja kwa wastani, kisha ligawe kwa idadi ya katikati, yaani wastani wa namba mbili za sensa.

```
(3085625 - 2083588) / 10 = 100204
(3085625 + 2083588) / 2 = 2584607
100204 / 2584607 x 100 = 3.88
```

Njia hii imetoa 3.88 badala ya 3.93. Siku zote hupungukiwa kidogo, na upungufu unakua pale idadi inapokaribia kuongezeka maradufu ndani ya kipindi chenyewe. Kwa mpango wa kata inatosha kabisa, na ni bora mara nyingi kuliko ile 4.8.

Ukitumia Excel, weka idadi ya zamani kwenye B2, mpya kwenye C2 na miaka kwenye D2:

```
=LN(C2/B2)/D2*100
```

5. Jaribu jibu lako kabla ya kuliamini. Irudishe kasi kwenye mwaka wa kuanzia uone kama inakufikisha kwenye idadi ya sensa. Zidisha 0.0393 kwa 10, upate 0.393. Bonyeza kitufe cha `e^x`, kisha zidisha na idadi ya 2012. Utapata takriban 3,086,700, ambayo inapishana na sensa kwa watu elfu moja hivi, tofauti inayotokana na kukata desimali tu.

Sasa fanya jaribio lilelile kwa 4.8. Utapata takriban 3,367,200. Hao ni watu kama 282,000 wasiokuwepo, na ukiwapangia shule na zahanati unapanga kwa ajili ya hewa. Hatua hii haichukui hata dakika mbili, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

6. Gawa 70 kwa kasi. Hii ndiyo kanuni ya sabini.

```
70 / 3.93 = 17.8
```

Kwa kasi hiyo watu wa mkoa wataongezeka maradufu kwa takriban miaka 18. Gawa kwa 3.93, si kwa 0.0393. Kanuni hii inataka asilimia yenyewe kama inavyotamkwa.

Nadharia yake ni fupi. Ili kitu kiwe mara mbili, `ln` yake lazima ifike 0.693, ambayo kwa asilimia ni 69.3. Sabini imechaguliwa kwa sababu iko jirani na hapo na inagawanyika vizuri kichwani kwa 2, 3.5, 5 na 7. Kwa kasi za watu tunazozikuta Tanzania, kosa linalotokana na kutumia 70 badala ya 69.3 ni la miezi michache tu.

7. Anza kuhesabu miaka kutoka sensa ya mwisho. Miaka 17.8 inaanza Agosti 2022, si 2012, wala si siku unayoandika ripoti. Kwa hiyo Mkoa wa Dodoma ungefika watu 6,171,250, ambao ni mara mbili ya 3,085,625, katikati ya mwaka 2040. Tumeandika "ungefika" kwa makusudi, na sababu inakuja hapa chini.

## Fanya tena kwa Jiji peke yake

Wastani wa mkoa unaficha mambo. Dodoma Mjini ilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, mwaka 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na sensa ya 2022 ikakuta watu 765,179. Pitia hatua zilezile: uwiano ni 1.862, `ln` yake ni 0.6216, kasi ni asilimia 6.2 kwa mwaka, na 70 gawanya kwa 6.2 ni miaka 11 na miezi michache. Kwa kasi hiyo Jiji lingekuwa maradufu kabla ya mwaka 2034 kuanza.

Ondoa Jiji kwenye mkoa, ubaki na wilaya nyingine zote kwa pamoja. Walikuwa 1,672,632 na wakawa 2,320,446, kwa kasi ya asilimia 3.3, yaani muda wa maradufu wa miaka 21. Hapa kuna jambo la kutazama kwa makini. Watu wengi hudhani Jiji limekua kwa kuzinyonya Bahi, Kongwa na Mpwapwa, lakini wilaya hizo kwa ujumla wake nazo zimekua kwa kasi kubwa. Anayepanga vyumba vya madarasa Chamwino asijifariji kwamba kila mtu amehamia mjini.

Onyo moja kabla hatujatoka hapa. Ukichukua 6.2 na 3.3 ukazijumlisha na kugawa kwa mbili, unapata 4.75, si 3.93. Asilimia za maeneo mawili haziwekwi kwenye wastani namna hiyo, kwa kuwa nje ya Jiji kuna watu wengi zaidi. Jumlisha watu kwanza, kisha tafuta kasi upya.

## Jibu hili linaaminika kiasi gani

Kanuni ya sabini inasema: *kama kasi haitabadilika*. Maneno hayo yaandike kwenye ripoti yako, kwa sababu kasi hubadilika, na Dodoma yenyewe ni ushahidi.

Jiweke mwaka 2012. Kati ya sensa ya 2002 na ile ya 2012 Mkoa wa Dodoma ulikua kwa asilimia 2.1 kwa mwaka. Mtu aliyegawa 70 kwa 2.1 wakati huo alipata miaka 33, na hakukosea hesabu. Akikadiria idadi ya 2022 kwa kasi hiyo alipata watu takriban 2,570,000. Sensa ikaja na 3,085,625. Zaidi ya watu laki tano hawakuwa kwenye mpango wake, kwa kuwa alichukulia miaka kumi ijayo itafanana na kumi iliyopita.

Kasi ya eneo lolote ina sehemu mbili. Ya kwanza ni waliozaliwa kutoa waliofariki, na hii hubadilika polepole. Ya pili ni wanaohamia kutoa wanaohama, na hii inaweza kuruka ndani ya mwaka mmoja kwa uamuzi mmoja wa serikali, barabara mpya au ukame wa misimu miwili mfululizo. Kadiri eneo linavyokuwa dogo, sehemu ya pili inakuwa na nguvu zaidi. Ndiyo maana kanuni ya sabini hufanya kazi vizuri kwa nchi, wastani kwa mkoa, na kwa kata au mtaa ni makisio ya kuanzia mazungumzo.

Kwa nchi unaweza kuipima mwenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Nusu yao ni milioni 30.9, idadi ambayo, ukiikadiria kati ya sensa ya 1988 na ya 2002, nchi ilikuwa nayo karibu na mwaka 1998. Basi kuongezeka maradufu kumechukua takriban miaka 24. Kasi ya mwaka 1988 hadi 2002 tuliyoipata kwenye hatua ya 2 ilikuwa 2.9, na 70 gawanya kwa 2.9 ni 24. Imelingana kwa sababu kasi ya nchi haikuyumba sana.

Kwa mkoa au wilaya, ushauri wetu ni kutotoa jibu moja. Chukua kasi mbili za vipindi viwili vya sensa, toa majibu mawili, kisha useme lipi unaliegemea na kwa nini. Kwa Mkoa wa Dodoma hiyo ni kati ya miaka 18 na 33. Upana huo unakera, lakini mhandisi anayechagua ukubwa wa tenki la maji anauhitaji kuliko namba moja nzuri. Atajenga kwa ajili ya 33 na kuacha eneo la kuongeza kama itakuwa 18.

## Mambo yakienda kombo

Umepata 1.7 badala ya 3.9. Umebonyeza `log` badala ya `ln`. Zidisha jibu kwa 2.303 au rudia kwa kitufe sahihi.

Kasi imetoka hasi, nawe unajua eneo linakua. Huenda umegawa ya zamani kwa mpya. Geuza. Ikibaki hasi, rudi hatua ya 1 uangalie mipaka, kwani karibu kila mara ni wilaya au kata iliyomegwa.

Muda wa maradufu umetoka miaka 1,781. Umegawa 70 kwa 0.0393. Ondoa desimali hiyo, tumia 3.93.

Excel inaonyesha 393%. Seli imewekwa kwenye mtindo wa asilimia, na fomula nayo imezidisha kwa 100. Ondoa kimoja kati ya hivyo viwili.

Excel inaonyesha `#VALUE!`. Namba imenakiliwa pamoja na nafasi au alama, nayo Excel imeichukua kama maandishi. Iandike upya kwa tarakimu tupu: 3085625.

Takwimu ulizonazo ni za kwa kila watu elfu. Taarifa za vizazi na vifo huandikwa hivyo. Tuseme eneo lina vizazi 36 na vifo 6 kwa kila watu elfu moja: tofauti ni 30 kwa elfu, ambayo ni asilimia 3.0. Gawa kwa 10 kwanza, ndipo utumie kanuni ya sabini. Kumbuka kwamba kasi hii haina wahamiaji ndani yake, hivyo kwa Jiji la Dodoma itakuwa chini mno.

Jibu lako limepishana kidogo na la ripoti rasmi. Kama tofauti ni ya 0.1, ni suala la kukata desimali, au mwandishi ametumia njia ya kuzidisha mwaka kwa mwaka, ambayo kwa mfano wetu hutoa 4.0 badala ya 3.93. Zote mbili zinakubalika, mradi uitaje njia uliyotumia na usizichanganye kwenye jedwali moja. Kama tofauti ni ya asilimia nzima, tafuta kosa la miaka au la mipaka.

Mtu anakuambia mji fulani utaongezeka maradufu kwa miaka mitano, na huna takwimu zake. Igeuze kanuni: gawa 70 kwa 5, upate asilimia 14 kwa mwaka. Sasa linganisha. Jiji la Dodoma, pamoja na ujio wa serikali, lilikua kwa 6.2. Muulize mji huo una nini cha kuuvusha zaidi ya mara mbili ya kasi hiyo, na akishindwa kueleza watu hao watatoka wapi, usiiweke namba yake kwenye mpango.